Kodi, benki au mkopo wa simu: Deni lipi lilipwe kwanza

Mkulima mdogo wa majani chai Kericho au Bomet hulipwa kila mwezi, kisha hungoja bonasi, ambayo kwa kawaida hutolewa Oktoba. Madeni yanayokatwa kiwandani hayamwachii hiari. Uamuzi wake ni kuhusu kinachosalia.

Tuseme mkulima mwenye duka la kukodi mjini Litein amebakiwa na Sh15,000. Anadaiwa kodi ya miezi miwili, Sh5,000 kila mwezi. Awamu ya benki ya Sh9,000, ambayo dhamana yake ni hatimiliki ya shamba. Na Sh4,000 za mkopo wa simu.

Kodi ndiyo ya dharura. Kwa duka lisilo na mkataba wa maandishi, malimbikizi ya miezi miwili humpa mwenye nyumba sababu ya kuomba aondoke, kwa notisi ya miezi miwili. Kulipa mwezi mmoja hupunguza hatari hiyo.

Benki hufuata. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ni lazima itoe notisi ya angalau miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Muda upo, ila riba hailali, na shamba likienda, chai nayo imekwenda.

Sh1,000 zinazobaki ni za mkopo wa simu, ambao kelele zake huzidi uwezo wake. Tangu 2022, kanuni za Benki Kuu humkataza mkopeshaji kutisha mdaiwa au kuwapigia jamaa zake, ingawa anaweza kuripoti deni kwa shirika la taarifa za mikopo. Mkopeshaji mdogo aliyeshika logibuku ya pikipiki ni jambo jingine: huyo asiwekwe mwisho.