Kazi za nyumbani: nani anabaki na muda wa daftari?

Mwalimu akisema "kazi ya nyumbani" anamaanisha zoezi la daftari. Mama akisema hivyo hivyo anamaanisha maji, jiko na vyombo. Kwa mtoto wa shule hapa Tabora kazi hizi mbili zinagombania saa zile zile, na anayebanwa zaidi mara nyingi ni msichana.

Mwaka 2016 UNICEF ilitoa takwimu za dunia zinazoonyesha kuwa wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda mwingi zaidi kwa asilimia 40 kwenye kazi za nyumbani kuliko wavulana wa umri huo. Lakini wingi wa saa peke yake hauelezi kila kitu. Lazima tuangalie pia kazi inaangukia saa ngapi.

Tuchukue kaya ya mfano pembezoni mwa Manispaa ya Tabora. Dada yuko darasa la saba, kaka yake darasa la sita, na wote wanafika nyumbani saa 10 jioni. Dada anachukua ndoo ya lita 20. Kwenda kisimani ni dakika 20, foleni dakika 10, kurudi dakika 20. Anakwenda mara mbili, kwa hiyo anamaliza saa 11:40. Anawasha mkaa, anachambua mboga, anasonga ugali, na chakula kinaiva saa 1 usiku. Kwetu jua huzama karibu na saa hiyo. Wanakula nusu saa, kisha anaosha vyombo na kumwogesha mdogo wao. Anafungua daftari saa 2:30 usiku kwa mwanga wa taa ndogo ya sola, na alfajiri anatakiwa kuamka mapema kufagia uwanja.

Kaka anawarudisha mbuzi zizini kwa dakika 40. Saa 10:40 kazi yake imekwisha, na ana zaidi ya saa mbili za mwanga wa jua. Akiamua kwenda kucheza mpira, ni yeye ameamua.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kazi ya kaka ina mwisho unaoonekana. Ya dada inafuatana: ukimaliza maji kuna moto, ukimaliza moto kuna sufuria, na katikati yake mtoto analia anahitaji kubebwa. Hata mzazi mwenyewe hamhesabii dakika za kumshika mtoto, kwa sababu "si kazi ile".

Ndiyo maana ukiwauliza watoto wote wawili kama wanasaidia nyumbani, wote watajibu ndiyo, na wote watakuwa wanasema kweli. Swali linalofaa ni hili: jana ulifungua daftari saa ngapi? Mwalimu anaweza kuliona jibu hata bila kuuliza. Hesabu mbili za kwanza zimefanywa vizuri, ya tatu imeishia njiani, au mtoto anakamilisha zoezi asubuhi kwa kunakili la mwenzake.

Turudi kwenye ile kaya. Wakiwa na baiskeli, kaka anaweza kufunga madumu mawili na kuleta maji yote kwa safari moja ya dakika 50. Akitoka saa 10:40 anarudi saa 11:30. Dada anapata saa moja na nusu ya daftari kukiwa bado mchana, kisha anaingia jikoni, na chakula kinaiva saa 12:50, mapema kuliko zamani. Kaka bado ana zaidi ya saa nzima ya mwanga. Vyombo wanaweza kupokezana siku kwa siku.

Wapo wazee watakaosema kubeba maji na kupika si kazi ya mwanamume. Hoja hiyo ina shida hapa kwetu kuliko kwingine. Katika karne ya 19 wanaume wa Kinyamwezi walijulikana hadi pwani kwa kubeba mizigo ya karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na njiani wapagazi wengi walijipikia kambini kwa makundi. Kubeba kulikuwa sifa ya kijana.

Mpango huu wa baiskeli una mipaka yake. Pale ambapo mvulana anachunga ng'ombe kutwa nzima, yeye ndiye anayekosa daftari, pengine hata darasa lenyewe, na kumwongezea maji ni kumwonea. Na kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, msimu wa kuchuma na kukausha hubadili ratiba yote: majani hayasubiri, na moto wa bani unaangaliwa usiku na mchana. Wiki hizo ratiba ya jioni huvunjika kwa watoto wote, kwa hiyo ni vyema mzazi amweleze mwalimu mapema, zoezi lifanyike shuleni kabla ya kengele ya mwisho.