Nishapata Saratani, Niache Sigara ya Nini?

Hili ndilo swali nililoulizwa mara nyingi zaidi katika miaka yangu ya uuguzi upande wa wagonjwa wa saratani. Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na mtu mzima aliyekubali mengine yote. Anasema, "Mwanangu, maji yashamwagika. Sigara imeshanifanya ilivyonifanya. Niachie nayo basi, ndiyo starehe iliyobaki."

Swali hilo lina huruma yake, na jamaa wengi hulikubali. Wao wenyewe humnunulia mgonjwa pakiti. Lakini limejengwa juu ya dhana kwamba sigara ikishaleta saratani, kazi yake imekwisha. Ukweli ni kwamba inaanza kazi nyingine, ya kupigana na dawa. Nitaeleza kupitia mgonjwa mmoja, mvuvi wa upande wa Kilifi aliyekuwa na saratani ya koo kwenye kisanduku cha sauti. Alikuwa akivuta sigara 15 kwa siku tangu ujanani.

Siku 35 za mionzi

Alipangiwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba. Kila siku hupewa kipimo kidogo, kwa kawaida grei 2, hadi jumla ya grei 70. Siku hizi matibabu haya yapatikana hapa Mombasa, ambapo zamani ilikuwa lazima mtu afunge safari ya Nairobi. Hata hivyo, kutoka Kilifi kila siku kwa wiki saba si jambo jepesi. Mzee alikuwa akifika mapema, anakaa nje ya geti chini ya mti, anavuta moja ya kutuliza roho, kisha anaingia kwenye mashine.

Hiyo sigara ya chini ya mti ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na sababu yake ni hii. Mionzi huua seli ya saratani kwa kukatakata nyuzi za DNA ndani yake. Seli ina uwezo wa kuzishona tena. Kinachozuia ushonaji huo ni oksijeni. Mahali penye oksijeni, mkato unakuwa wa kudumu. Mahali pasipo na oksijeni, seli hujirekebisha na kuishi. Seli isiyo na oksijeni kabisa huhitaji mionzi mara mbili na nusu hadi tatu zaidi ili ife, na kipimo hicho hakuna daktari atakayekitoa, kwa kuwa kitaunguza shingo nzima.

Sasa fikiria damu kama matatu zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye uvimbe. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Gesi hii hung'ang'ania kiti cha matatu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa mtu anayevuta karibu pakiti moja kwa siku, viti 5 hadi 10 kati ya kila 100 huwa vimekaliwa nayo. Tena abiria wa oksijeni waliobaki hukataa kushuka upesi wanapofika. Uvimbe wenyewe tayari una mishipa mibovu na oksijeni haba. Ukiupunguzia hiyo kidogo, umewapa kinga seli ambazo mashine imekuja kuziua.

Habari njema ni kwamba gesi hiyo hutoka. Kila baada ya saa nne au tano bila moshi, hupungua nusu. Mtu aliyekuwa na viti 8 vilivyokaliwa akizima sigara saa nne usiku, itakapofika saa nne asubuhi zamu yake ya mashine atakuwa amebaki na 2 au chini ya hapo, karibu sawa na asiyevuta. Sisemi hili kumpa mtu ruhusa ya kuvuta jioni. Nalisema ili mgonjwa ajue kwamba faida ya kuacha haisubiri miaka. Inaanza kesho yake asubuhi.

Vidonda na siku zinazopotea

Njia ya pili inayoharibu tiba huonekana kwa macho. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mionzi ya shingoni huleta vidonda mdomoni na kooni. Karibu kila mgonjwa hupata. Lakini moshi wa moto unapopita juu ya utando uliokwisha kuchubuka, vidonda huja mapema, huwa vikubwa na huchelewa kupona, maana nikotini hubana mishipa midogo inayoleta damu ya kuponya.

Mvuvi wetu hakutuambia kuwa anavuta. Tuliuona mdomo wake. Wiki ya tatu alikuwa hawezi kumeza hata uji, na vidole vyake viwili bado vilikuwa na rangi ya njano mbichi. Akakosa siku tatu za mionzi kwa sababu ya homa na udhaifu. Siku tatu zinaonekana chache, lakini uvimbe hautulii mgonjwa anapopumzika. Seli zilizosalia huzaliana upesi. Kwa saratani za koo na mdomo, kila siku inayoongezwa kwenye ratiba hukata takriban asilimia 1 ya nafasi ya kuudhibiti uvimbe.

Utafiti ulioliweka wazi jambo hili ulifanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1993. Wagonjwa 115 wa saratani za kichwa na shingo walifuatiliwa wakipewa mionzi. Kati ya walioendelea kuvuta, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 45. Kati ya wasiovuta wakati wa tiba, ulitoweka kwa asilimia 74. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 39 upande wa kwanza na 66 upande wa pili. Ni utafiti mdogo, na wavutaji huenda walikuwa na udhaifu mwingine pia. Lakini tofauti hiyo si ya kupuuza.

Upande wa kemo

Kwa anayetiwa dawa ya mshipa, yaani kemo, hadithi ni nyingine kidogo. Lami iliyomo kwenye moshi huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu. Ini halijui tofauti ya sumu na dawa. Kuna dawa linazozivunja upesi kabla hazijafanya kazi, mfano irinotekani inayotumiwa kwa saratani ya utumbo mpana, na vidonge vya erlotinibu kwa baadhi ya saratani za mapafu. Mgonjwa analipa dozi nzima, mwili unapata pungufu.

Si dawa zote zilizo hivyo. Sisplatini, ambayo mvuvi wetu alikuwa akipewa pamoja na mionzi, haivunjwi kwa njia hiyo. Lakini hapo kuna hatari nyingine. Kemo hushusha chembe nyeupe za kinga, na moshi hulemaza vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenye njia ya hewa. Mambo hayo mawili yakikutana, kikohozi kidogo huwa nimonia, na nimonia huahirisha dozi inayofuata.

Jinsi alivyoacha

Nilimkuta chini ya mti siku ya mionzi ya 11. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akificha mkono. Sikumgombeza, kwani mgonjwa anayegombezwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Nilimweleza habari ya matatu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, siku hizi kumi nimekuwa nikiizima dawa mwenyewe?" Nikamjibu, "Si yote, baba. Lakini kuna uliyoizima."

Kwa kuwa alivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, daktari alimwanzishia plasta ya nikotini ya miligramu 21, moja kila asubuhi, ibandikwe begani au mgongoni, mbali na ngozi inayopigwa mionzi. Mpango ulikuwa wiki sita, kisha miligramu 14 kwa wiki mbili, na 7 kwa wiki mbili. Bazoka ya nikotini ingemfaa mtu mwingine, ila si mwenye vidonda mdomoni. Mwanawe alishangaa, "Mwamtoa nikotini kisha mwampa nikotini?" Ni kweli nikotini yenyewe hubana mishipa. Lakini plasta haina kaboni monoksaidi, haina lami wala joto la moshi, na hutoa nikotini polepole hadi mwili uizoee kutokuwapo.

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu kuliko zote, na ndivyo ilivyo kwa wengi. Hakulala, akawa mkali kwa kila mtu. Siku ya tano alivuta moja alfajiri, akaja kuniambia mwenyewe. Tukaihesabu kuwa ni moja, si kushindwa, akaendelea. Tulibadilisha pia ule mti. Mwanawe alianza kumleta dakika za mwisho, wakaingia moja kwa moja. Vidonda havikwisha, ila viliacha kuongezeka, na siku 24 zilizobaki hakukosa hata moja. Leo sauti yake ni ya kukwaruza, na bado anahudhuria kliniki ya kuangaliwa. Siwezi kukuambia kuwa kuacha ndiko kulikomponya. Naweza kukuambia kwamba dozi 24 zilimwingia zikiwa kamili.

Na baada ya tiba?

Kwa anayedhani amechelewa, kuna utafiti wa Moscow uliochapishwa mwaka 2021. Wavutaji 517 waliogunduliwa saratani ya mapafu ikiwa bado changa walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Walioacha baada ya kuambiwa wana saratani waliishi, kwa kipimo cha katikati, miaka 6.6. Walioendelea, miaka 4.8. Tofauti ni karibu miezi 22, na ilionekana hata kwa waliokuwa wavutaji wakubwa.

Kwa hiyo ukiwa mgonjwa, au una mzazi anayeanza tiba, mwambie daktari idadi kamili ya sigara kabla ya siku ya kwanza, na useme pia kama kuna shisha au kiko, kwa sababu nao ni moshi. Omba msaada wa kuacha mapema, ikiwezekana wakati mnangoja tarehe ya mashine. Usinunue dawa za kuacha sigara kiholela. Bupropioni, kwa mfano, haimfai mtu mwenye uvimbe kwenye ubongo kwa kuwa inaweza kuleta kifafa, na inaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni kwa mwenye saratani ya matiti. Na ukiacha ukiwa unatumia dawa nyingine za kila siku, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda, sema pia, kwani ini likitulia kiwango cha dawa hiyo chaweza kupanda.

Wanaoniuliza waache ya nini, sasa huwajibu hivi: uache ili dawa unayoitafuta kwa nauli, kwa maumivu na kwa pesa za ukoo mzima, ikifika mwilini isikute mlango umefungwa.