Kadi Inasema Watano

Bibi yangu aliuza mahamri karibu na lango la kambi ya Utange, huku Kisauni. Kisa hiki nilikisikia kwake, jikoni, zaidi ya mara moja.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991. Barawa, mji mdogo wa pwani, uliporwa na kundi moja la bunduki baada ya jingine, na wenyeji hawakuwa na jeshi lao la kuwakinga. Waliopata nauli walipanda majahazi kuja kusini. Mombasa lugha haikuwatesa sana, maana Chimiini chao ni ndugu wa Kiswahili. Barawa wenyewe huuita mji wao Miini, yaani mjini.

Mteja mmoja wa bibi alikuja hivyo, yeye na watoto, mumewe akabaki nyuma. Alishona kofia za Barawa akiuza mjini. Habari za mume alizitafuta kwa njia mbili: fomu ya Msalaba Mwekundu, ambayo huandikwa habari za familia tu na kuachiwa nafasi ya jibu, na majina ya waliopotea yaliyosomwa na BBC Kisomali. Jioni redio moja ilizungukwa na watu kumi, kimya kabisa.

Siku moja mume akatokea langoni, viatu vimefungwa kwa kamba. Usidhani walikimbiliana. Kadi ya chakula ilihesabu vichwa, na kichwa kikiongezeka, unga na mafuta huongezeka. Wapo waliodai undugu usiokuwepo, basi karani alikuwa akiuliza huku, akiuliza kule, kisha analinganisha.

"Watoto wangapi?"

"Wanne." Akawataja mmoja mmoja, na jina la baba na la babu.

Karani akatazama kadi. Watano.

Akamwambia akae pembeni. Bibi alisema yule bwana hakubisha. Alikaa chini, akahesabu tena kwa vidole, akafika wanne. Nadhani hapo ndipo aliogopa, kwamba labda familia ile si yake, ni majina yamefanana tu.

Mke akaja na kofia mkononi, sindano bado imechomekwa. Hakumsalimia mumewe kwanza. Alimgeukia karani: "Huyu wa tano nilitoka naye Barawa tumboni. Yeye hajui."

Karani akaandika kitu, akasogeza kizuizi.

Ndipo mume akanyanyuka. Aliuliza, "Mume au mke?" Akajibiwa ni mke. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima kabla ya kusema neno jingine. Yule mtoto alikuwa amejificha nyuma ya jerikeni, akichungulia. Bibi akampa hamri ampelekee babake. Mtoto akalila yeye.

Katikati ya miaka ya 90 Utange ilifungwa. Wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab, na Wabarawa kadhaa wakaishia Marekani. Ile familia bibi hakuwaona tena. Kofia moja ilibaki kwetu, ukingo wake haujamalizwa.