Kuahirisha na Kupuuza

Neno kuahirisha lina sura mbili, na taabu yake ni kwamba sura hizo hufanana mno. Mkulima wa Ogwedhi ambaye hajapanda mahindi yake katikati ya Februari ameahirisha kazi. Na jirani yake ambaye naye hajapanda ameahirisha vile vile. Ukipita njiani utaona mashamba mawili yasiyo na mmea, wala hutaweza kuwapambanua wenyewe. Lakini ingia ndani ya mashamba hayo. La kwanza limekwisha kulimwa, magugu yameondolewa, mbegu iko ghalani, na mwenyewe anangoja kitu kimoja kinachojulikana, yaani mvua ya masika. La pili halijaguswa na jembe. Wote wawili watakuambia, "Nangoja mvua." Maneno yao ni mamoja, tofauti imo ardhini.

Nakualika, msomaji, tuitazame tofauti hiyo katika historia ya nchi yetu, kwa jambo moja lililoahirishwa mbele ya macho ya watu wote, tarehe zake zikaandikwa na kura zake zikahesabiwa. Jambo lenyewe ni sharti la theluthi mbili.

Katiba ya Kenya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara ya 81 ilisema kwamba katika vyombo vya watu waliochaguliwa, wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Mawazo hayo hayakuzuka siku ile. Mwaka 1997 Bi. Phoebe Asiyo, Mbunge wa Karachuonyo, ambayo leo imo katika kaunti ya Homa Bay, alipeleka Bungeni hoja ya kuongeza idadi ya wanawake katika uongozi, na hoja yake ikashindwa. Likumbuke neno hilo, kwa kuwa tutalirudia: ilishindwa waziwazi, kwa kura, na kila mtu alijua kwamba imekataliwa.

Sasa tupige hesabu ya Bunge la Kitaifa chini ya Katiba mpya. Wabunge ni 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa, jumla 349. Theluthi moja ya hao, kwa hesabu ya watu wazima wasiogawanyika, ni 117. Ukiondoa wanawake 47 wa kaunti ambao viti vyao ni hakika, wanabaki 70 ambao hawana budi kutoka katika maeneobunge na katika uteuzi. Je, iwapo wapiga kura hawatawachagua 70? Katiba iliweka sharti, lakini kwa Bunge haikusema pengo lizibwe kwa njia gani.

Kwa kaunti mambo yalikuwa mengine. Ibara ya 177 ilitoa njia yenyewe: baada ya uchaguzi, viti maalumu huongezwa mpaka sharti litimie. Migori ina wadi 40, na Homa Bay ina wadi 40. Kama wote 40 waliochaguliwa ni wanaume, huongezwa wanawake 20, na hapo wanaume 40 wanakuwa theluthi mbili kamili ya watu 60. Njia hiyo ilitumika tangu uchaguzi wa kwanza wa kaunti, mwaka 2013. Kwa hiyo hesabu haikuwa muhali. Bunge lilikosa njia iliyoandikwa, na kuiandika ilikuwa kazi ya Bunge lenyewe.

Mwaka 2012, uchaguzi ukiwa karibu, Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Juu itoe ushauri: je, sharti hili ni la kutimizwa mara moja katika uchaguzi wa Machi 2013, au ni la kutimizwa hatua kwa hatua? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walijibu kwamba lingetimizwa hatua kwa hatua, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuonyesha njia. Lakini sheria hiyo iwe imepatikana ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alikataa kuungana nao. Kwa maoni yake, sharti lilipasa kutimizwa katika uchaguzi ule ule.

Tuseme nini juu ya uahirishaji huu wa kwanza? Mimi nauita wa haki, ingawa aliyeupinga alikuwa na hoja nzito. Sababu yake ilitajwa, na ilikuwa sababu inayoweza kukaguliwa: sheria haipo, na uchaguzi umebakiza chini ya miezi mitatu. Tena ulikuwa na tarehe, na tarehe hiyo haikuwekwa na wale wenye kazi, bali na wengine walio juu yao. Mkulima wetu wa kwanza alikuwa akingoja mvua. Mahakama nayo ilisema wazi kinachongojewa ni nini, na mwisho wa kungoja ni lini.

Lakini uahirishaji wa haki huacha nyuma yake deni la kazi, nalo hulipwa katika siku za kungoja. Hapo ndipo pa kutazama. Uchaguzi wa Machi 2013 ulileta Bungeni wanawake 16 kutoka maeneobunge, 47 wa kaunti, na 5 wa kuteuliwa. Jumla 68, pungufu ya 49. Pengo lilikuwa mbele ya macho ya kila mbunge tangu siku ya kuapishwa. Hata hivyo muswada wa kulizibia pengo hilo ulichapishwa mwaka 2015, muda ukiwa karibu kwisha, na katika Juni ya mwaka huo Mahakama Kuu ilibidi kuamuru kwamba muswada uandaliwe. Mwanafunzi anayefungua kitabu usiku wa kuamkia mtihani ataielewa hali hiyo bila ya kuelezwa.

Watungaji wa Katiba walikuwa wameyatambua mapema maradhi haya, wakayawekea dawa katika Ibara ya 261. Nakuomba uisome ibara hiyo siku moja kwa utulivu, maana sijapata kuona maelezo bora ya namna ya kuahirisha kwa uaminifu. Bunge linaweza kuongeza muda, lakini kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Muda wa nyongeza usizidi mwaka mmoja. Nyongeza iwe mara moja tu kwa jambo moja. Na Spika athibitishe kwamba kuna hali isiyo ya kawaida. Muda huo ukipita bure, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ikiamuru na Bunge lisitii, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje Bunge.

Agosti 2015 Bunge liliitumia ruhusa hiyo, likajiongezea mwaka mmoja, mpaka tarehe 27 Agosti 2016. Kwa sura, kila kitu kilikuwa sawa: sheria imefuatwa, kura imepigwa, tarehe imetajwa. Sasa ilibaki kuona kama shamba litalimwa.

Muswada wa kubadili Katiba ulihitaji kura 233. Tarehe 27 Aprili 2016 zilipatikana 195. Kura ikarudiwa tarehe 5 Mei, zikapatikana 178. Zitazame vizuri hesabu hizi. Mara ya pili, baada ya kazi ya kushawishiana, waliounga mkono walipungua. Na waliopiga kura ya kuukataa muswada hawakuwa wengi. Wengi zaidi hawakuwamo ukumbini. Muswada haukushindwa na upinzani, ulishindwa na viti vitupu.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, msomaji. Yalikuwapo maneno ya haki ya kuupinga muswada ule. Wapo waliosema kwamba kuongeza viti kungeongeza gharama kwa mlipa kodi, na wapo waliosema kwamba mwanamke apiganie eneobunge kama mwanamume. Mtu mwenye fikira hizo angeweza kusimama, akazitamka, akapiga kura ya hapana, nasi tungempinga au tungemuunga mkono. Hivyo ndivyo hoja ya Bi. Asiyo ilivyokataliwa mwaka 1997. Lakini asiyehudhuria hakukataa wala hakukubali; ameliacha jambo life bila ya kuonekana mkono wa muuaji. Ni kweli kwamba mtu mmoja mmoja anaweza kukosekana kwa ugonjwa au msiba, na mioyo ya watu hatuioni. Ila kukosekana kwa wengi, katika siku iliyotangazwa, mara ya kwanza na ya pili, hakuwezi kuitwa bahati mbaya.

Wala haikuishia hapo. Tarehe 29 Machi 2017 Mahakama Kuu ililipa Bunge siku 60. Zikapita. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulileta wanawake 76, idadi iliyo bora kuliko ya kwanza, lakini pungufu ya 41. Muswada mwingine uliletwa, na tarehe 27 Februari 2019, siku ya kura, walihesabiwa ukumbini wabunge 174 tu. Kura haikuweza hata kupigwa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais kumshauri alivunje Bunge. Kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri wake wakati mashtaka yakisikizwa, na Bunge lile likaendelea mpaka uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Baada ya uchaguzi huo pia idadi ya wanawake haikufika 117.

Basi tukiyapanga matukio haya tutaona alama za kutambulisha sura moja na nyingine. Mwaka 2012 sababu ilitajwa, nayo ilikuwa nje ya uwezo wa mwenye kazi. Mwaka 2016 na 2019 sababu iliyobaki ilikuwa yeye mwenyewe kutokuja. Mwaka 2012 tarehe iliwekwa ili iheshimiwe; baadaye kila tarehe mpya ilikuja kwa sababu ile ya kwanza ilivunjwa. Na mwenye kungoja kwa haki, muda unapokwisha, huwa amekaribia mwisho wa kazi kuliko alipoanza. Lakini kura zilitoka 195 zikawa 178, kisha wakahesabiwa watu 174. Alama hii ya mwisho ndiyo ngumu kuigiza. Sababu huweza kubuniwa, na tarehe huandikwa kwa kalamu tu, lakini kazi iliyofanyika wakati wa kungoja huhesabika.

Iko alama nyingine, nayo hupita kimya. Mwaka 2015 Bunge liliahirisha kwa kutamka: lilisimama, likapiga kura, likasema, "Bado mwaka mmoja." Baada ya hapo Katiba haikuruhusu kutamka tena. Tarehe 27 Agosti 2016 haikuahirishwa na mtu yeyote. Ilipita tu, kama siku yoyote, na kazi ikabaki pale ilipokuwa.