Mtoto wa Desemba na mlango wa akademi

Leo naomba tuongee mpira, lakini si wa Simba na Yanga. Ni habari ya mwezi wa kuzaliwa, na jinsi unavyoamua nani anaingia akademi na nani anarudi nyumbani na viatu vyake kwenye mfuko wa rambo.

Nilianza kulifuatilia hili kwa sababu ya mpwa wangu. Amezaliwa tarehe 19 Desemba 2013. Rafiki yake wa mtaani, ambaye wanacheza naye kila jioni, amezaliwa tarehe 2 Januari, mwaka huohuo 2013. Februari 2025 niliwapeleka wote wawili kwenye majaribio ya timu ya watoto waliozaliwa 2013. Rafiki alichukuliwa, mpwa wangu akaambiwa "bado mwepesi, arudi mwakani". Njiani hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Anko, kwani mimi sijui mpira?"

Nikakaa na kalenda. Kati ya hao watoto wawili kuna siku 351. Siku ile ya majaribio mmoja alikuwa na miaka 12 na mwezi mmoja, mwingine miaka 11 na miezi miwili. Kwenye karatasi ya kocha wote ni "2013". Lakini mtoto wa kiume wa umri huo huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na akishaanza kubalehe anaweza kuruka sentimita 9 au zaidi kwa mwaka mmoja. Ongeza na mwaka mzima wa kucheza, kuanguka na kujifunza. Kwa watu wa miaka 25, siku 351 si kitu. Kwa watoto wa miaka 11, ni bega kwa kifua.

Mambo haya si mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, alikwenda na mkewe Paula kutazama hoki ya barafu ya vijana. Mama akawa anapitia kijitabu cha mechi, akashtuka: mbona wachezaji wengi hivi wamezaliwa Januari, Februari na Machi? Kule mwaka wa hoki ya watoto unaanza tarehe 1 Januari. Wakahesabu timu nyingine, hali ikawa ileile, na mwaka 1985 matokeo yakachapishwa.

Najua kuna mdau ameshaanza kusema, labda watoto wa Januari wana nyota kali, au ni mambo ya hali ya hewa na chakula. Jibu lilitoka Ubelgiji, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Zamani pale Ubelgiji mwaka wa soka la watoto ulikuwa unaanza tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo mtoto wa Agosti au Septemba ndiye aliyekuwa mkubwa kwenye kundi lake, na wa Juni au Julai ndiye kinda. Ukitazama timu za vijana, waliojaa walikuwa wa Agosti hadi Oktoba. Mwaka 1997 shirikisho lao likafuata utaratibu wa FIFA, mwaka ukaanza tarehe 1 Januari. Hapo watafiti wakiongozwa na Werner Helsen wakalinganisha msimu wa kabla ya mabadiliko na msimu uliofuata. Waliokuwa wamejaa sasa wakawa wa Januari hadi Machi, na wale wa Agosti hadi Oktoba wakapungua.

Nchi ni ileile, hali ya hewa ileile, wazazi walewale. Kilichobadilika ni mstari kwenye kalenda ya ofisini. Mtoto wa Septemba aliyekuwa "kipaji" alijikuta ghafla ni wa kawaida, kwa sababu sasa anapimwa na watoto waliomtangulia kwa miezi minane. Kumbe makocha walikuwa wanaona ukubwa wakidhani wanaona kipaji.

Ubaya ni kwamba kosa hili likishafanyika linajithibitisha lenyewe. Aliyechukuliwa anapata kocha, uwanja mzuri, mechi za kushindana na mazoezi mara nne kwa wiki. Aliyeachwa anabaki na chandimu, na wengine wanakata tamaa kabisa. Baada ya miaka mitatu ukiwapambanisha, wa akademi kweli ni bora. Kocha atasema, "Si niliwaambia?" Wakati tofauti hiyo ni yeye aliyeitengeneza.

Lakini tusivuke mpaka. Mwezi wa kuzaliwa hauamui kila kitu. Kuna mtoto wa Desemba anayebalehe mapema akawazidi wa Januari kimo. Pia wachache wa mwisho wa mwaka wanaopenya mara nyingi wanakuja kuwa wazuri sana. Harry Kane amezaliwa tarehe 28 Julai 1993, na Uingereza mwaka wao wa vijana unaanza 1 Septemba, maana yake ni mwezi wa kumi na moja kwenye kundi lake. Arsenal walimwacha akiwa mdogo. Mwaka 2023 akawa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya England.

Kwetu kuna mtego mwingine: tarehe zenyewe. Wengi cheti cha kuzaliwa kilitafutwa baadaye, na wengine wameandikiwa 1 Januari kwa kubuni. Ukitaka kujua kama unaona upendeleo wa kweli au tarehe za mezani, angalia umbo la hesabu. Upendeleo wa kweli hushuka taratibu kama ngazi: Januari wengi, Februari na Machi wengi, halafu wanapungua hadi Desemba. Tarehe za kubuni zinarundikana siku moja. Na timu moja ya watoto 20 haitoshi kuhukumu, kusanya orodha za timu kadhaa na za miaka kadhaa.

Dawa je? Mwaka 2017 David Mann na Pleun van Ginneken walichapisha jaribio walilofanya na maskauti Uholanzi. Kundi moja la maskauti halikuambiwa umri wa watoto, kundi la pili lilipewa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi, kundi la tatu liliona watoto wamevaa namba za jezi kwa kufuata umri, mkubwa hadi mdogo. Karatasi haikusaidia kitu. Jezi ndizo zilizopunguza upendeleo, maana skauti akimwona mtoto anakosa mpira wa juu, anaona papo hapo kuwa huyu ndiye mdogo kuliko wote uwanjani.

Haihitaji mfadhili. Jezi tunazo, namba tunazo, kinachotakiwa ni kuzigawa kwa mpangilio.

Mpwa wangu nilimweleza yote haya. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo tungekuwa tunaanza kuhesabu Desemba, mimi ndiye ningekuwa mkubwa?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua mpira akatoka.

Makocha wa mchangani mnaopita hapa, hebu fungueni daftari zenu mhesabu miezi, mtuambie kwenye maoni mmekuta nini. Naomba kuwasilisha.