Kumsemesha Mzee Kitoto

Siku ile nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, mjini Tanga. Ana miaka 78. Alifundisha hesabu shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo akienda sokoni anajumlisha kichwani kabla muuzaji hajatoa simu. Nesi aliyetupokea alikuwa binti mchangamfu mwenye roho nzuri. Aliinama, akamshika shangazi bega, akaipandisha sauti mpaka ikawa nyembamba, halafu akaanza kuivuta: "Bibiii, tumeamkajeee? Kachai ketu tumekunywaaa?" Shangazi alinyamaza. Nesi akanigeukia mimi: "Anasikia vizuri?" Ulipofika wakati wa dawa akachukua pakiti mpya, akampungia nayo mbele ya macho: "Haka kadawa ketu tunakameza asubuhiii, halafu jioniii tena, eeeh? Tumeelewaaa?" Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Tulipokaa kwenye bajaji ndipo aliposema. "Mwanangu, yule binti hajanitukana. Ila nimejisikia kama hesabu iliyofutwa ubaoni."

Usemi kama wa nesi yule una jina katika taaluma ya mawasiliano. Waingereza wameunganisha neno la mzee na neno la kusema, wakapata eldaspiki. Jina hilo lilianza kutumika katika utafiti mwaka 1986, katika makala ya wanasaikolojia Gillian Cohen na Dorothy Faulkner, waliouliza iwapo usemi huo kweli unamsaidia mzee kuelewa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jina lilikuja na swali. Watu huongea hivi kwa nia ya kusaidia. Je, msaada unafika?

Lakini kwanza tulitafutie jina la kwetu, maana hapa Kiswahili kina mitego. Ukitafsiri moja kwa moja utapata "lugha ya wazee", na kila Mswahili atadhani unazungumzia methali na mafumbo ya wahenga, yaani namna wazee wanavyosema, ilhali sisi tunataka namna watu wanavyosema nao. Wapo watakaovutiwa na "kizee", kwa mfano wa Kiingereza na Kiarabu. Hilo ni baya zaidi. Kizee katika Kiswahili ni mzee aliyechakaa, na ile ki- inayotaja lugha ndiyo hiyohiyo inayodunisha. Jina la kosa litakuwa limerudia kosa. "Kudekeza" nako hakufai, kwa sababu anayedekezwa hupewa anachotaka, na mzee anayeongeleshwa hivi mara nyingi hata haulizwi anataka nini.

Mimi nachagua kitenzi: kumsemesha mzee kitoto. Kusemesha ndilo neno la mama na mtoto mchanga. Humsemesha hata kabla mtoto hajajua kusema. Penye haja ya nomino tuseme "usemeshaji wa kitoto". Na neno "kitoto" sikuliweka kwa hasira. Mwaka 1981 Mmarekani Linnda Caporael alichapisha utafiti kutoka nyumba ya kulelea wazee. Alirekodi wahudumu wakiongea, kisha akazichuja sauti zile ili maneno yasisikike, yabaki mawimbi ya sauti tu. Wasikilizaji hawakuweza kuutenganisha usemi wa kitoto uliokuwa ukielekezwa kwa wazee na ule ulioelekezwa kwa watoto hasa. Ukiyaondoa maneno, wimbo ni uleule.

Katika Kiswahili usemi huu unatambulika kwa alama zake, na moja inastahili kutazamwa kwa karibu: ile tu- ya "tumeamkaje" na "tunakameza". Tu- ni kiambishi kizuri. Tukisema "karibu tule" tunamwita mgeni kwenye sahani moja. Lakini nesi hamezi dawa ile, wala hakunywa chai ile. Tu- yake imemchukua mtendaji, yaani mzee mwenyewe, na kumchanganya katika kundi ambalo halipo. Mambo ya mwili wake hayako tena mikononi mwake peke yake. Kipimo ni chepesi: kama msemaji hashiriki tendo, tu- hiyo si ya kweli. Ka- ya "kachai" na "kadawa" nayo hufanya kazi jirani, hulipunguza jambo la mtu mzima liwe la kuchezea. Na yale maswali ya "eeeh?" na "si ndiyo?" yameshabeba jibu, kwa hiyo mzee anachoachiwa ni kuitikia.

Tusichanganye hapa na "bibi", "babu", "mama" au "mwalimu". Majina hayo ni heshima yetu, na shangazi angeshangaa kuitwa kwa jina lake tupu na binti wa rika la wajukuu zake. Tazama tu kilichokosekana siku ile. "Tumeamkaje" ilikuja mahali pa shikamoo. Shikamoo humpa mzee nafasi ya kujibu marahaba kutoka juu kidogo, kama mkubwa. "Tumeamkaje" ilimnyima nafasi hiyo.

Sasa turudi kwenye swali la msaada. Mwaka 1999 Susan Kemper na Tamara Harden wa Chuo Kikuu cha Kansas waliamua kuufumua usemi huu, uzi mmoja mmoja. Wazee walisikiliza maelekezo ya njia na kuifuata kwenye ramani, na watafiti wakabadilisha namna ya kueleza ili waone ni kipi kinachosaidia. Mambo mawili yalisaidia: kueleza kwa ukamilifu zaidi, kwa kurudia na kufafanua, na kupunguza sentensi zilizobebana, moja ndani ya tumbo la nyingine. Mambo mengine hayakusaidia: kusema polepole mno, kukatakata sentensi ziwe fupifupi, na kupandisha sauti juu. Yaani sehemu inayowaudhi wazee na sehemu isiyowasaidia karibu ni ileile.

Ya sauti ya juu inaelezeka kwa sikio lenyewe. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Konsonanti kama s, f na sh zinakaa huko, wakati vokali ziko chini zaidi na zina nguvu. Ndiyo maana wazee wengi hulalamika kwa namna moja: "Nasikia sauti, ila maneno siyashiki." Fika na shika zinakuwa karibu neno moja. Anayeifanya sauti yake nyembamba anaisogeza upande ambako sikio limechoka. Kupiga kelele nako huvuruga, kwa kuwa vokali huvimba huku konsonanti zikibaki dhaifu vilevile.

Naongeza jambo la Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sikio letu hulitambua neno. "Barabára" ni njia, "barábara" ni sawasawa. Mkazo tu umehama. Wimbo wa kumbembeleza mzee huvuta silabi ya mwisho, "asubuhiii", "jioniii", na hivyo huhamisha uzito kutoka mahali tulipozoea kuutafuta. Mzee mwenye sikio zito anapoteza hata ile alama iliyokuwa imebaki.

Hebu tuchukue maelezo ya dawa. Nesi angeweza kusema kwa lugha ya ofisini: "Dawa ambayo daktari uliyemwona juzi alisema usiimeze kabla hujala ndiyo hii." Hiyo ni sentensi iliyobebana, mpaka uifikie "ndiyo hii" umeshasahau katazo. Au angesema kama alivyosema, kwa wimbo: asubuhi, halafu jioni tena. Hiyo ni fupi, lakini jambo kubwa limebaki nje. Njia ya tatu ni hii: "Shikamoo, mwalimu. Leo umeongezewa dawa moja. Ile ndogo ya presha endelea nayo kama kawaida, kidonge kimoja asubuhi. Hii kubwa ni ya sukari, nayo ni mara mbili: kimoja ukishakunywa chai na kitafunio, kimoja ukishakula chakula cha jioni. Hii kubwa isikute tumbo tupu, itakusumbua." Maneno yameongezeka. Sentensi ni kamili, kila moja ina jambo lake, na jambo zito limesemwa mara mbili kwa maneno tofauti. Mwendo ni wa kawaida, sauti ni ya kawaida au chini kidogo, feni inayonguruma imezimwa, na msemaji ameketi ili uso wake uonekane. Mwisho anaweza kusema, "Nataka nijue kama nimekueleza vizuri, utazimeza vipi?" Hapo anayepimwa ni mwelezaji.

Huenda mtu akasema kwamba aliyeshikwa na demensia, ule ugonjwa wa kusahau, hatambui tofauti. Kristine Williams, mtafiti wa uuguzi huko Kansas, pamoja na wenzake waliichunguza hoja hiyo mwaka 2009 kwa video za wazee 20 wenye ugonjwa huo wakiogeshwa na kuhudumiwa. Mhudumu alipotumia usemi wa kitoto, uwezekano wa mzee kukataa huduma, kwa kugeuka, kusukuma au kupiga ukelele, ulikuwa 0.55. Alipoongea kawaida ulikuwa 0.26. Kumbukumbu ilikuwa imepungua, lakini hisia ya kudharauliwa ilikuwepo.

Si kila mzee huchukia. Wapo wanaoupokea usemi huu kama upendo, hasa ukitoka kwa mtu wa nyumbani, na mjukuu anayemwita bibi yake "kipenzi changu" hahitaji utafiti wangu. Ubaya unaanza pale usemi unapomfuata mtu kwa sababu ya mvi na mkongojo tu, kabla hajafungua mdomo. Ellen Ryan, Howard Giles na wenzao waliuchora mzunguko huo mwaka 1986: msemaji anaona dalili za uzee, anapunguza maneno, mzee anakosa nafasi ya kujibu vya kutosha, anapunguza kusema, na ukimya wake unachukuliwa kuwa ushahidi kwamba hakuelewa. Mimi niliuona ukizunguka kwa dakika moja. Shangazi alinyamaza kwa kuumia, na nesi akaniuliza kama anasikia.

Baada ya wiki mbili tulirudi. Safari hii tulipokewa na nesi mwingine, mwanamume wa makamo, akavuta kiti na kusema shikamoo. Shangazi akaitikia marahaba, kisha akafungua mkoba na kutoa karatasi aliyokuwa ameandika maswali matatu. La kwanza lilikuwa kwa nini ile dawa kubwa inamchafua tumbo. "Unaimeza saa ngapi, mwalimu?" "Saa kumi na moja alfajiri, nikishaswali." "Na chai?" "Chai ni saa mbili." Wiki mbili nzima alikuwa akiimeza na tumbo tupu.