Miaka Huazimwa, Fedha Hazihami

Juni 1946, mwaka mmoja baada ya vita kuu kwisha, Italia na Ubelgiji zilitia saini makubaliano ambayo leo yangeandikwa kwa aibu kidogo. Italia ilikuwa na vijana wasio na kazi na haikuwa na nishati. Ubelgiji ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe ambayo Wabelgiji wenyewe walikuwa wameanza kuikimbia. Italia ikaahidi kupeleka wafanyakazi 50,000, nayo iuziwe makaa kwa kadiri ya watu iliowatoa.

Waliokwenda walikuwa vijana, na kijana haulizi habari za pensheni. Swali lilizuka pale mtu alipochoka au mapafu yalipojaa vumbi, akataka kurudi kwao. Nyuma yake ana miaka michache ya kazi Italia, na mingine ya mgodini Ubelgiji. Kila nchi ina kiwango chake cha chini cha miaka ya kuchangia. Mtu akipungukiwa huku na huku, anaweza kufanya kazi maisha yake yote na asipate pensheni popote.

Tatizo lenyewe halikuanzia mgodini. Tangu 1904 Ufaransa na Italia zilikuwa zimetiliana saini mkataba wa kwanza mashuhuri wa kulinda wafanyakazi wa nchi moja walioko nchi nyingine, ukigusa akiba zao na fidia za ajali. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 48, ambao ndani yake kanuni tunayoitumia hadi leo imekwisha kuandikwa waziwazi: vipindi vya michango vijumlishwe, kisha kila nchi ilipe sehemu yake. Nchi zilizouridhia zilikuwa chache sana, na miaka minne baadaye Ulaya ikawaka moto. Kwa hiyo ni makaa ya mawe, wala si maazimio ya Geneva, yaliyolitoa wazo hilo kwenye karatasi. Ubelgiji na Italia zilifunga mkataba wa bima za jamii mwaka 1948. Agosti 1956, moto wa mgodi wa Marcinelle uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Baada ya hapo hakuna mwanasiasa aliyeweza kusema kuwa haki za wageni hao ni jambo la kungoja.

Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipoanza kazi mwaka 1958, kanuni yake namba 1 ilihusu lugha za kuandikia. Namba 3 ilihusu hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wahamiaji. Kanuni za biashara ya nafaka na maziwa zilikuja baadaye.

Watu wengi hudhani mkataba wa aina hii unahamisha michango kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Hapana. Hakuna senti inayovuka mpaka hadi siku ya kulipa pensheni yenyewe. Kinachovuka ni taarifa ya miaka. Nchi ya pili inaiazima miaka ya nchi ya kwanza ili kumfungulia mtu mlango, kisha inamlipa kwa miaka ile tu aliyoichangia kwake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Mkenya aliyefanya kazi Uhispania kwa miaka 11 na Ujerumani kwa miaka 4, akiwa na kibali halali cha kuishi. Uhispania inadai angalau miaka 15 ya michango, Ujerumani miaka 5. Akienda kila mahali peke yake, anarudi mikono mitupu mara mbili. Kwa kanuni ya Ulaya miaka yake inakuwa 15, na milango yote miwili inafunguka.

Sasa hesabu. Uhispania kwanza inajifanya kana kwamba miaka yote 15 ilifanyika kwake. Kwa miaka 15 sheria yake inampa mstaafu nusu ya kile kinachoitwa msingi wa mafao, yaani wastani wa mishahara aliyokatwa michango. Tuseme msingi ni yuro 1,200 kwa mwezi: pensheni ya kinadharia ni yuro 600. Kisha inachukua 11 kwa 15 ya hizo, na kumlipa yuro 440. Ujerumani inahesabu kwa nukta; mwaka wa mshahara wa wastani huzaa nukta moja, inayolipa takriban yuro 40 kwa mwezi. Miaka yake 4 inampa kama yuro 160. Atapokea malipo mawili kutoka ofisi mbili, na si lazima yaanze siku moja, maana umri wa kustaafu ni wa kila nchi. Hapo ndipo wengi hushtuka, wakidhani wamedhulumiwa.

Maombi hupelekwa mara moja, katika nchi anayoishi mwombaji, na ofisi hiyo ndiyo inayoziandikia nyingine. Mwishoni anapewa fomu ya P1, inayoonyesha kwenye karatasi moja kila nchi imeamua nini. Aisome kwa makini. Kipindi kilichosahaulika hujulikana pale jumla ya miaka inapotofautiana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi chanzo ni jina lililoandikwa kwa namna mbili. Kipindi cha chini ya mwaka mmoja hakizai pensheni yake, lakini hakipotei: nchi nyingine hukibeba kwenye hesabu yake.

Kanuni ya kujumlisha miaka iliwahi kugeuka mwiba. Kulikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi kupunguza pensheni kwa sababu mtu analipwa na nchi nyingine pia. Mfanyakazi wa Kiitaliano aliyechangia Italia na Ubelgiji akakatwa hata kile ambacho sheria ya Ubelgiji peke yake ilikuwa imempa. Katika kesi namba 24/75, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 1975 kuwa kanuni iliyotungwa kumsaidia mhamiaji haiwezi kumpokonya haki aliyokuwa nayo bila hiyo kanuni. Leo hesabu hufanywa mara mbili, kwa miaka ya nchi yenyewe na kwa miaka iliyojumlishwa, na mtu hupewa iliyo kubwa.

Lakini kanuni hiyo ni ya Ulaya tu: kama Mkenya wetu aliwahi pia kufanya kazi Nairobi, miaka hiyo haihesabiwi Madrid wala Berlin.

Huku kwetu waliotangulia ni watu wa Maziwa Makuu. Zaire, Rwanda na Burundi zilifunga mkataba wa pamoja wa hifadhi ya jamii mwaka 1978, zilipokuwa zimeunda jumuiya yao ya kiuchumi. Mifuko yao ilirithi mfumo wa Kibelgiji wa pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo kulikuwa na miaka ya kujumlisha. Jumuiya yenyewe ililala baada ya 1994 na kuamshwa mwaka 2007.

Tanzania, Kenya na Uganda zilianzia mahali pengine. Katika miaka ya 1960 zilianzisha mifuko ya akiba, ambayo humrudishia mwanachama michango yake na riba kwa mkupuo. Palipo na mkupuo hapana kiwango cha miaka, na pasipo na kiwango hakuna cha kuazima. Uganda bado inalipa mkupuo. Tanzania ilihamia pensheni kwa sheria ya NSSF ya 1997, na sharti lake ni michango ya miezi 180. Kenya ilipitisha sheria ya mfuko wa pensheni mwaka 2013, ikaanza kuitekeleza 2023 baada ya mvutano mahakamani.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja haki ya mafao ya hifadhi ya jamii katika kifungu cha 10, na kuliagiza Baraza la Mawaziri litunge kanuni za kuitekeleza. Ugumu ni kwamba mfuko wa Tanzania unauliza umechangia miezi mingapi, na wa Uganda unauliza una shilingi ngapi kwenye akaunti. Mtu mwenye miaka 12 Dar es Salaam akihamia Kampala, miezi yake 144 inapungua 36 kufikia pensheni, na miaka yake ya Kampala, hata ikiwa 20, haiwezi kuziba pengo hilo mpaka kanuni hizo ziseme mwezi wa mfuko wa akiba unahesabiwaje. Akifika umri wa kustaafu kabla ya hapo, Dar es Salaam itamlipa mkupuo maalum, na faili lake litafungwa.